Pale Uliposimama Hapahesabiwi

Binti wa mdogo wangu ana miaka sita. Alipokuja kukaa kwangu wiki tatu za likizo, alikuja na jibu moja aliloling'ang'ania: tano kujumlisha tatu ni saba. Hakuwa akibahatisha. Ukimwuliza nne kujumlisha mbili, anasema tano. Sita kujumlisha tatu, nane. Kila mara pungufu ya moja, na kila mara kwa uso uleule wa mtu asiye na shaka. Mimi mtoto anayekosea ovyo hunipa wasiwasi, lakini anayekosea kwa utaratibu hunifurahisha. Huyo ana kanuni yake, na kanuni ikiwepo unaweza kuitafuta.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijiona najua dawa. Nikachora namba kwa chaki kwenye korido, kuanzia moja hadi kumi, kila namba kwenye chumba chake, kama mchezo wa kuruka ambao watoto wameuzoea. Nikamwambia, "Simama kwenye tano. Sasa ruka mara tatu."

Akasimama kwenye tano, akabana miguu. Akaruka juu na kutua palepale, "Moja!" Akaruka hadi sita, "Mbili!" Akaruka hadi saba, "Tatu!" Kisha akanigeukia mikono kiunoni.

"Saba. Si nilikwambia, mama mkubwa?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu mchezo niliomletea umrekebishe ulikuwa umempa ushahidi. Na ukiangalia vizuri, hakuwa amevunja sheria yoyote niliyompa. Nilisema ruka mara tatu, naye akaruka mara tatu.

Kosa hili ni la kawaida kuliko yote kwenye mstari wa namba, na chanzo chake si uzembe. Mtoto wa miaka sita ametumia nusu ya maisha yake kujifunza kuhesabu vitu. Kanuni ya kuhesabu vitu ni kwamba cha kwanza unachokigusa ndicho "moja". Vijiko, vidole, ngazi: gusa, sema moja. Leo unamsimamisha juu ya tano na kumtaka aanze kuhesabu, na kitu cha kwanza anachokigusa ni hiyo tano iliyo chini ya miguu yake. Kwa hiyo anaiita moja. Sisi tunataka ahesabu kitu kingine kabisa, kitu kisichoonekana: nafasi iliyo kati ya alama moja na nyingine. Mwonyeshe mkono uliokunjuliwa na umwulize una vidole vingapi. Vitano. Kati ya vidole kuna nafasi ngapi? Nne. Mtoto akishaona kwamba nafasi na vidole havilingani idadi, ameona kiini cha jambo lenyewe, ingawa bado mguu wake hautamtii.

Nami nilikuwa na sehemu yangu katika kosa lile. Vile vyumba nilivyochora ni kama nyumba zenye namba mlangoni: ukiwa ndani ya tano, umo ndani ya tano, na hakuna kinachokuonyesha umefikaje. Tena hakukuwa na sifuri. Vyumba vina faida yake kwa wadogo zaidi, wa miaka minne au mitano, maana wana mahali pa kuweka mguu bila kubishana kama wamekanyaga alama au pembeni yake. Ila havisemi kwamba tano ni umbali. Mstari wa namba unasema hivyo: unaanza sifuri, na tano iko pale ilipo kwa sababu ni miruko mitano kutoka mwanzo.

Nikafuta, nikachora upya. Kwanza nilimpima. Nilimwambia aruke kwa miguu miwili bila kujikakamua, nikapima alipotua: kama sentimita 40. Hicho kikawa kipimo cha nafasi, hivyo sifuri hadi kumi ikachukua mita nne. Usawa wa nafasi hizi si urembo. Mwalimu akichora kwa haraka, namba za mwanzo huwa na nafasi kubwa na za mwisho husongamana pale korido inapokaribia kuisha, na mtoto anajifunza kwa miguu yake kwamba kutoka nane hadi tisa ni karibu kuliko kutoka moja hadi mbili. Alama zenyewe zikawa vijistari vifupi vya kukata mstari mrefu, na namba niliandika kando, si juu ya mstari, ili mtoto asimame kwenye alama na macho yake yaone namba. Alama ya tano niliinenepesha kidogo, na ya kumi nikaiweka rangi nyingine. Wakati huo sikumweleza kwa nini.

Kisha tukaweka sheria moja tu. Kabla ya kuruka, unapiga magoti yako kofi moja na kusema uko wapi: "Niko tano." Hiyo si mruko, ni salamu. Ukishasalimia, mdomo unafungwa mpaka miguu itue mahali papya. Neno linatoka wakati wa kutua, si wakati wa kusimama.

Siku ya kwanza alisahau mara nyingi, na kila aliposahau sikumwambia amekosea. Nilimrudisha sifuri na kumwambia, "Ruka mara moja. Uko wapi?" Moja. "Ungekuwa ukihesabu pale uliposimama, ungekuwa wapi sasa?" Alifikiri kidogo. "Ningekuwa bado sifuri." Sifuri ndiyo iliyofanya kazi hapo. Hakuna mtoto anayekubali kwamba ameruka mara moja na bado hajaenda popote.

Kulikuwa na tatizo dogo lingine ambalo sikulitegemea, na linatokana na lugha yetu. Tamka namba polepole: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Zote zina silabi mbili. Mtoto anayeruka kwa mguu mmoja mmoja, kama anakimbia, huweka "ta" kwenye alama moja na "no" kwenye inayofuata, na mwishowe amepita mbali bila kujua. Ukiona jibu limezidi badala ya kupungua, angalia mdomo na miguu kwa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza miguu miwili pamoja: inalazimisha neno zima likae kwenye mruko mmoja.

Baada ya siku mbili, tano na tatu ikawa nane, na ningeweza kuishia hapo nikajipongeza. Lakini nilipomsikiliza vizuri niligundua ana mzigo ambao watu wazima tumeshausahau. Anaporuka kutoka tano, kuna hesabu mbili zinazoendelea kwa wakati mmoja. Moja ni ya miruko: moja, mbili, tatu. Nyingine ni ya mahali: sita, saba, nane. Ya kwanza inamwambia lini asimame, ya pili inamwambia jibu. Akitamka ya kwanza, anafika bila kujua yuko wapi hadi asome namba sakafuni. Akitamka ya pili, hajui lini asimame.

Sakafuni atasoma namba, kwa hiyo tatizo halionekani. Siku sakafu itakapoondoka ndipo litakapoonekana, na ndipo wazazi wengi husema mtoto "anaweza mchezoni lakini kichwani hawezi". Hajawahi kufanya kazi ya kichwani. Namba za sakafuni zilikuwa zikimfanyia.

Kuna utafiti unaogusa jambo hili moja kwa moja. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha matokeo ya mchezo rahisi sana wa ubao: vyumba 10 vilivyopangwa kwenye mstari, vyenye namba moja hadi kumi, na watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini wakisogeza kete chumba kimoja au viwili kwa zamu. Vipindi vilikuwa vinne vifupi ndani ya wiki mbili. Waliocheza ubao wenye namba waliendelea vizuri katika kuzielewa namba, kuliko waliocheza ubao kama huo wenye rangi tu. Baadaye, mwaka 2014, Elida Laski na Siegler wakaangalia mtoto anasema nini anaposogea. Mtoto aliye kwenye 5 akitupa 2, aseme "moja, mbili" au aseme "sita, saba"? Waliofaidika ni waliotaja majina ya mahali wanapopita. Waliohesabu kila mara kuanzia moja walicheza mchezo uleule, kwa muda uleule, bila faida ile.

Basi nikagawa mzigo. Kila mchezo ukawa wa watu wawili. Anayeruka anataja mahali tu: "Niko tano... sita, saba, nane." Mwenzake anahesabu miruko kimya kwa vidole, na vidole vikitimia anapiga kelele "Simama!" Mwanzoni mwenzake nilikuwa mimi. Kisha tukabadilishana, nikawa naruka mimi na yeye anahesabu vidole, na kwa makusudi nikawa nachelewa kusimama ili anikemee. Baada ya siku kadhaa alianza kukunja vidole vyake mwenyewe huku akiruka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hapo miguu ilikuwa imebeba hesabu moja na mkono umebeba nyingine, na mimi sikuhitajika tena kwenye sehemu ile.

Sharti moja kabla hujafika huku: mtoto awe anaweza kuendelea kuhesabu kutoka namba yoyote. Mwambie "sita" na uone kama anasema "saba, nane, tisa", au ananong'ona kwanza "moja, mbili, tatu, nne, tano, sita" ndipo aendelee. Wa namna ya pili mstari haumsaidii sana bado. Mchezeshe kupokezana namba mdomoni kwa wiki moja au mbili, kwenda mbele na kurudi nyuma, halafu mrudi kwenye chaki.

Mchezo uliotufikisha nusu ya safari ulikuwa wa kizibo cha chupa. Anasimama kwenye alama yake, anavuta kadi yenye namba kati ya moja na tano, na kabla hajaruka anarusha kizibo, au anakwenda kukiweka, pale anapodhani atatua. Ndipo anaruka kuhakiki. Akitua kwenye kizibo anakichukua kiwe chake. Asipotua, kinabaki kuwa changu. Mwanzoni alikuwa akiweka kizibo haraka haraka ili aruke, maana kuruka ndiyo raha. Alipoona vizibo vinaniishia mimi mkononi, akaanza kusimama. Anatazama mstari, kichwa kinaenda kwa mapigo madogo: mara moja, mara mbili, mara tatu. Macho yalikuwa yanaruka.

Nafikiri watu wengi huharakisha hapa. Wanatoa mtoto sakafuni, wanampa karatasi yenye hesabu ishirini. Mimi nilikaa na kizibo karibu siku sita, nikibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Kwanza alama zote zikiwa wazi. Kisha nikatandaza kitambaa juu ya namba kuanzia saba hadi tisa, hivyo ilimbidi aseme atatua namba gani kabla ya kufunua. Kisha nikafuta namba zote isipokuwa sifuri, tano na kumi. Ile tano iliyonenepeshwa sasa ikaonyesha kazi yake: akiulizwa sita iko wapi, hakuanza tena sifuri, alikwenda tano na kusogea moja.

Wakati huohuo likatokea jambo la mbili kujumlisha saba. Alivuta swali hilo kwenye mchezo mwingine, akasimama kwenye mbili, akaruka miruko minne, akaketi chini.

"Nimechoka, mama mkubwa. Naweza kuanzia saba?"

Watafiti wa hesabu za watoto wamelijua hili siku nyingi. Guy Groen na Lauren Resnick waliandika mwaka 1977 kwamba watoto wadogo waliofundishwa kujumlisha kwa njia ndefu, kuhesabu vyote kuanzia mwanzo, baadhi yao walibuni wenyewe njia fupi ya kuanzia namba kubwa. Uchovu wa miguu unaharakisha ubunifu huo, na hilo ni jambo moja ambalo karatasi haliwezi, kwa sababu kwenye karatasi saba haichoshi kuliko mbili.

Lakini sikumjibu ndiyo. Nilimwuliza, "Utafika palepale?" Na hapo akakwama kweli, kwa sababu kwenye mstari jambo hili haliko wazi hata kidogo. Ukiwa na mafungu mawili ya vijiwe, kila mtu anaona kwamba kulia kwenda kushoto si kitu. Kwenye mstari namba ya kwanza ni mahali na ya pili ni safari. Kusimama kwenye mbili na kusafiri saba si kitendo kilekile na kusimama kwenye saba na kusafiri mbili. Nilikata kamba mbili, moja yenye urefu wa miruko miwili, nyingine ya miruko saba, tukazilaza kuanzia sifuri, fupi kwanza, ndefu ikifuatia. Mwisho ukawa tisa. Tukazipindua: ndefu kwanza. Tisa tena. Alizipindua mwenyewe mara tatu zaidi, akitarajia labda mara moja zitamsaliti. Kamba zilifanya kitu kimoja muhimu: ziliifanya namba ya kwanza nayo iwe safari, safari ya kutoka sifuri. Tangu hapo alianzia kubwa, na mimi sikulisemea tena.

Tuje kwenye kumi, kwa kuwa ndipo kuruka kunapogeuka kuwa kitu kingine.

Niliongeza mstari hadi ishirini, ambao ulikuwa mita nane, tukahamia uani. Swali likawa nane kujumlisha tano. Kwa miruko mimoja mimoja alilipata: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, vidole vitano vimekunjwa. Sahihi. Na mtoto anaweza kuendelea kulipata hivyo hadi awe na miaka kumi, akihesabu chini ya dawati kwa vidole, haraka zaidi kila mwaka lakini kwa njia ileile. Hicho ndicho kikomo cha mchezo wa kuruka, na mtu asipokisema atakuwa anadanganya: miruko ya moja moja ikizoeleka mno inakuwa makazi. Hesabu ya kichwani si kuhesabu upesi. Ni kuruka mbali na kujua utatua wapi.

Kumi ikawa kituo. Sheria mpya: huruhusiwi kuipita kumi bila kutua juu yake, na unaruhusiwa kuifikia kwa mruko mmoja mrefu. Kutoka nane hadi kumi ni sentimita 80, na mtoto wa umri wake anaweza kuirukia akijikaza. Aliipenda sana sehemu hiyo. Akajipinda, akaruka, akatua kumi akiyumba, akapaza sauti, "Kumi!" Kisha akaruka tano nyingine na kutua kumi na tano.

Nilikuwa nalisubiri. Karibu kila mtoto ninayemfikisha hapa hulifanya. Ametumia mbili kufika kituoni, na amesahau kwamba mbili hizo zimetoka kwenye ile tano. Kwa kichwa cha mtoto, kufika kumi kulikuwa sheria ya mchezo, si sehemu ya hesabu. Maneno hayasaidii. Nilimpa vijiwe vitano mkononi: hiyo ndiyo tano yako, ndiyo nauli yako. Kutoka nane hadi kumi umetembea nafasi ngapi? Mbili. Basi acha vijiwe viwili pale kumi. Akaviacha. Akafungua kiganja na kuangalia. Vitatu.

"Kumbe zimebaki tatu tu!"

Akaruka tatu. Na akiwa katika kutua, akasema jibu bila kusoma chini, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeshamsemea: kumi, na tatu. Ukitua kituoni na mkononi una tatu, jina la jibu ni hicho ulicho nacho. Hapa lugha yetu inatupa zawadi kuliko lugha nyingi ambazo majina yao ya namba baada ya kumi yamefichama. Zawadi hiyo huisha kwa muda tunapofika ishirini na thelathini, lakini kati ya kumi na kumi na tisa ni vizuri kuitumia yote.

Ile tatu ya mwisho hakuiruka kwa mruko mmoja, na asingeweza, maana ni sentimita 120. Alijaribu, akaanguka na kucheka. Hapo mwili ulifika mwisho wake, na ndipo nikaona wakati wa karatasi umewadia. Nikamchorea mstari mtupu, bila alama wala namba, nikamwambia aweke nane popote apendapo na achore upinde wa kwenda kumi, kisha upinde wa kilichobaki. Mstari mtupu wa aina hii ulipata umaarufu kupitia walimu na watafiti wa Uholanzi, hasa Adri Treffers na wenzake wa Taasisi ya Freudenthal, ambao waliutumia kwa hesabu kubwa zaidi, hadi 100. Kwa mtoto wa miaka sita unatosha kwa upinde mmoja au miwili. Uzuri wake ni kwamba hauna alama za kuhesabu. Akitaka kuhesabu moja moja itabidi azichore zote, na hilo linamchosha kama saba ilivyomchosha sakafuni.

Kwenye karatasi urefu wa upinde haukuwa sahihi, wa mbili mara ulikuwa mrefu kuliko wa tatu. Nilimwacha. Miguu yake ilishajua urefu halisi, na karatasi sasa ilikuwa ya kukumbuka hatua tu.

Mtu anayefundisha mtoto kwa namna hii atataka kujua kama kweli anaruka au anahesabu kimyakimya. Nane kujumlisha tano inasema mengi kwa jibu lake peke yake. Akijibu kumi na mbili, amehesabu na amerudia kosa la kuhesabu pale aliposimama. Akijibu kumi na tano, ameruka kwenda kumi akasahau kulipa nauli, na huyo, amini usiamini, yuko mbele ya yule wa kumi na mbili. Akijibu kumi na tatu, tazama uso: kidevu kikipiga mapigo matano, amehesabu; kukiwa na kimya kifupi, kisha jibu, amerukia kituoni. Muulize pia tisa kujumlisha tano mara baada ya hapo. Anayehesabu atachukua muda uleule. Anayeruka atajibu upesi zaidi, kwa sababu kutoka tisa hadi kituoni ni kijiwe kimoja.

Jambo ambalo huwakwamisha wengi hapa si mstari, ni kutojua papo hapo kwamba nane inahitaji mbili kufika kumi, na saba inahitaji tatu, na sita nne. Mpwa wangu alikuwa anaijua tisa na moja, na nane na mbili. Kwa saba alisita. Tukacheza kwa siku tatu jambo hilo tu: namtajia namba, ananirushia vijiwe vinavyopungua kumi. Pia kugawa: tano inaweza kuwa mbili na tatu, au moja na nne. Bila vitu hivi viwili kumwambia mtoto "ruka kwanza hadi kumi" ni kumpa kazi tatu mpya ukidhani umempa moja.

Usiku wa mwisho wa likizo alilala chumbani kwangu, taa ikiwa imezimwa lakini mlango wa korido ukiwa wazi kidogo. Aliniomba nimwulize moja, ya mwisho. Nikamwambia tisa kujumlisha sita.

Hakusema kitu. Mguu wake ulikuwa nje ya shuka, na nuru ya korido ilitosha kuuona. Kidole gumba kikakunjuka mara moja, kifupi. Kikatulia. Kikakunjuka mara ya pili.

"Kumi na tano."

Nikamwambia ndiyo. Akavuta mguu ndani, akajigeuza ukutani, nikadhani amelala.

"Mama mkubwa. Na kumi na tisa na sita je, kituo chake ni ishirini?"